Kaka mmoja, majina matatu: kuuliza maneno ya ndugu kwa Kinyarwanda

*"Mume wangu ni Mnyarwanda wa Huye, mimi ni mtu wa Morogoro na tunaishi Dar es Salaam. Desemba tunakwenda kwao, mara yangu ya kwanza. Nimeanzisha daftari la maneno ya ndugu ili nisiwaaibishe wazee. Nilimwuliza mume wangu 'kaka' wanasemaje, akaniambia mukuru. Wiki iliyofuata akasema murumuna. Halafu dada yake alipiga simu, nikamsikia akimwita musaza. Dada wanamwita mushiki, nikajiandikia, na siku moja nikamwambia wifi yangu kwenye simu 'mushiki wanjye'. Alicheka mpaka nikakata simu. Baba mdogo niliambiwa ni data wacu, juzi nasikia se wabo. Je, mume wangu ameisahau lugha yake, au mimi ndiye ninayeuliza vibaya? Niulizeje?"*

Mume wako hajasahau chochote. Majibu yote uliyoandika ni sahihi, hata yale yanayoonekana kupingana. Tatizo ni neno ulilolipeleka. Ulimpa "kaka", ukamtaka akurudishie neno moja linalolingana nalo, na katika Kinyarwanda neno hilo halipo. Kwa hiyo kila mara alimkumbuka kaka fulani, akakupa neno la huyo. Siku ya kwanza alimfikiria aliyemtangulia kuzaliwa, siku ya pili aliyemfuata.

Nianze na jambo ambalo wewe mwenyewe unalijua tangu utotoni bila kufundishwa. Dada wa mume wako unamwita wifi. Lakini kaka yako akioa, dada wa mke wake hatamwita wifi, atamwita shemeji. Wote wawili ni dada wa mwenzi wa ndoa, ila Kiswahili kinaangalia kwanza anayesema ni mwanamke au mwanamume. Mgeni akikuuliza "dada wa mwenzi wa ndoa mnamwitaje?", ukimjibu wifi naye ni mwanamume, atakwenda kuchekwa kama ulivyochekwa wewe.

Kinyarwanda kinafanya hivyohivyo kwa watoto wa mama mmoja. Huanza kuangalia kama anayesema na anayetajwa ni wa jinsia moja. Wakiwa wa jinsia moja, umri ndio unaoamua: aliyetangulia ni mukuru, aliyefuata ni murumuna. Wakiwa wa jinsia tofauti, umri hauingii katika neno hata kidogo: mwanamke humwita kaka yake musaza, na mwanamume humwita dada yake mushiki. Ndiyo maana wifi yako alicheka. Wewe ni mwanamke, na mwanamke hana mushiki. Ulichomwambia ni kama mwanamume amsimamishe mtu na kumwita "wifi yangu".

Kiswahili cha zamani nacho kilikuwa na neno la namna hii, umbu, ambalo mwanamume alilitumia kwa dada yake. Leo wengi wetu hatulijui tena, kwa hiyo mpaka huo umefifia masikioni mwetu. Kwa Wanyarwanda uko wazi kabisa.

Sasa niulizeje, ndilo swali lako. Acha kupeleka neno, peleka mtu. Njia hii haikuanzia kwangu. Mwaka 1898 daktari Mwingereza, Rivers, alikuwa katika visiwa vya Mlango-Bahari wa Torres, kati ya Australia na Nyugini, akitaka kujua watu wa huko wanavyoitana ndugu. Aliamua kutumia maneno machache tu: baba, mama, mtoto, mume, mke. Kwa hayo aliuliza nani alimzaa nani na nani aliolewa na nani, akaandika majina ya watu halisi mpaka ukoo ukakamilika mbele yake. Ndipo akaanza kuuliza: huyu unamwita nani? Hakutamka "mjomba" wala "binamu" wala "shemeji", kwa sababu maneno hayo yamebeba mipaka ya lugha ya anayeuliza. Zaidi ya miaka 100 imepita na bado sijaona njia bora kwa kazi hii.

Nyumbani unaweza kuifanya mezani kwa punje za mahindi na maharage. Mahindi yawe wanaume, maharage wanawake. Tuseme kwao wamezaliwa wanne: wa kwanza mwanamume, wa pili mwanamke, wa tatu mume wako, wa nne mwanamume. Panga hindi, haragwe, hindi, hindi, kwa mstari kuanzia mkubwa. Kisha mwambie mume wako ashike punje moja na aseme kwa kinywa cha huyo aliyeshikwa. "Sasa wewe ni huyu wa kwanza. Unanieleza habari za huyu wa pili. Unasema ni nani wako?" Kila punje ina wenzake watatu, kwa hiyo maswali ni 12, kazi ya dakika kumi.

Ukimaliza utaona hivi. Wa kwanza atasema mushiki, murumuna, murumuna. Wa pili, yule haragwe, atasema musaza mara tatu bila kujali nani mkubwa. Mume wako atasema mukuru, mushiki, murumuna. Wa mwisho atasema mukuru, mushiki, mukuru. Majibu 12 yameangukia maneno manne tu, na kila neno limetokea mara tatu. Ule mkanganyiko wa daftari lako unakwisha hapo.

Lakini bado, na hapa ndipo wengi hufunga daftari mapema. Katika majibu hayo 12, kila aliyeitwa mukuru alikuwa mwanamume, na kila aliyesema mukuru alikuwa mwanamume. Ukiishia hapo utaandika "mukuru: kaka mkubwa", na utakuwa umekosea. Familia ya mume wako yenyewe imekuficha hilo, kwa sababu katika mfano huu ina binti mmoja tu. Ongeza haragwe la pili mwishoni, mdogo wa kike wa kubuni, kisha urudie. Dada mkubwa atamwita murumuna, naye atamwita dada yake mukuru. Hapo ndipo unagundua kwamba neno mukuru halisemi "mwanamume". Linasema "aliyenitangulia, wa jinsia yangu". Kila unapodhani umelielewa neno, jiulize ni mtu gani amekosekana mezani, umweke.

Nimewahi kulipia kosa hilo. Nikiwa kijana nilikusanya maneno ya ndugu katika kijiji kimoja mpakani mwa Ngara, na mzee mmoja mkarimu alinijibu kila kitu kwa siku mbili. Nilirudi nikiwa na orodha safi, na sikuwa na neno hata moja analolitumia mwanamke kumtaja kaka yake. Mzee hakunificha. Hakulitaja kwa sababu yeye hakuwahi kulisema katika maisha yake. Mke wake, aliyekuwa hatua kumi kutoka tulipokaa akichambua maharage, alilisema kila siku, na sikumwuliza. Kwa hiyo usimtegemee mume wako peke yake. Mtafute mwanamke, na wifi yako aliyekucheka ndiye hasa anayefaa. Mpigie, mwambie umejua kwa nini alicheka, na umwombe akujibu kama mwanamke.

Sasa data wacu na se wabo. Hapa kuna jambo jingine kabisa: neno lenyewe hubadilika kufuatana na mwenye ndugu. Sisi tuna kivuli chake tunaposema mwenzangu, mwenzio, mwenzake, au tunapofupisha mkewe na mumewe. Kiswahili kinabadilisha mkia wa neno. Kinyarwanda, kwa wazazi, kinabadilisha neno zima. Baba yangu ni data, baba yako ni so, baba yake ni se. Mama yangu ni mama, mama yako ni nyoko, mama yake ni nyina. Kama una ndugu Wakatoliki, huenda umesikia habari za Kibeho, kule kusini mwa Rwanda, ambako mwaka 1981 wasichana wa shule walisema wametokewa na Bikira Maria, naye akajitambulisha kuwa Nyina wa Jambo, yaani Mama wa Neno. Hapo ni nyina, wala si mama, kwa kuwa mwenye mama ni mwingine. Ukilishika hilo jina, nyina haitakupotea.

Ndugu wa kiume wa baba ni data wacu, kama kusema "baba yetu". Na kwa kuwa ndani yake mna baba, nalo linabadilika: wa kwangu ni data wacu, wa kwako so wanyu, wa kwake se wabo. Ndugu wa kike wa mama ni mama wacu, na wa mtu mwingine ni nyina wabo. Kwa hiyo ulipomwuliza mume wako "baba mdogo wako mnamwitaje?" alikujibu kama mwenye baba mdogo. Siku ulipomsikia akisema se wabo alikuwa anataja baba mdogo wa mtu mwingine. Wakwe nao wamo humohumo: baba mkwe wangu ni databukwe, wa mwingine ni sebukwe, mama mkwe wangu ni mabukwe, wa mwingine nyirabukwe. Shangazi yangu ni masenge, wa mwingine nyirasenge. Mjomba wangu ni marume, wa mwingine nyirarume.

Ndiyo maana katika daftari lako usiandike "shangazi = masenge". Andika sentensi nzima pamoja na aliyeisema: "mume wangu, akimtaja shangazi yake mwenyewe: masenge". Inachosha, lakini ukiandika hivyo hutahitaji kurudi kuuliza upya. Na usije ukachukua masenge ukaibandika wawe, kutafuta "shangazi yako". "Yangu" imekwisha kuwa ndani ya neno. Utakuwa unasema "shangazi yangu yako".

Hapa nikuonye kwa upole. Nyoko kwa sarufi ni "mama yako" tu, lakini usilipeleke mdomoni. Kwetu unajua neno hilo limekuwa tusi, na hata Rwanda ukimwambia mtu mzima linaweza kumchoma. Kwa heshima sema umubyeyi wawe, mzazi wako, au mama wawe kama vijana wengi wanavyosema leo. Kwenye daftari nyoko iwepo, ili ukiisikia uielewe. Na utasikia vilevile papa, tonton na tante, maneno ya Kifaransa yaliyokaa sana mijini. Hayo ni maneno yao ya kila siku na hakuna ubaya kuyatumia. Ila ukijibiwa tonton, jua kwamba limefunika data wacu na marume pamoja, kwa hiyo uliza tena: wazee wangesemaje?

Huko kwa wajomba na shangazi utakuwa nyumbani zaidi, maana Kiswahili na Kinyarwanda hapa vinafikiri karibu sawa. Ndugu wa kiume wa baba ni baba, ndugu wa kike wa mama ni mama, na wale wa kuvuka, yaani kaka wa mama na dada wa baba, ndio wana majina yao ya pekee. Watoto wao nao ni hivyo: mtoto wa mjomba au shangazi ni mubyara, kama sisi tunavyosema binamu. Mtoto wa baba mdogo hayumo humo, yeye ni ndugu. (Binamu lenyewe lilitoka Uarabuni, na huko maana yake ni mtoto wa ami, ndugu wa baba. Tulilichukua neno, tukalihamishia kwa wale ambao sisi tulihitaji kuwatenga.)

Utakapofika kwa watoto wa ndugu, ndipo uangalie tena. Mtoto wa dada, kwa mjomba wake, ni umwishywa, sawa na mpwa wetu wa asili. Mtoto wa kaka, kwa shangazi yake, ni umwisengeneza, na humo unaisikia ile senge ya masenge. Siku hizi sisi tunamwita mpwa mtoto wa ndugu yeyote, hivyo ukiuliza "mpwa" utapata jibu moja kati ya hayo mawili na hutajua lipi.

Kuna kipimo kimoja ninachokitegemea kuliko vyote: geuza swali. Baada ya kuuliza "unamwita nani?", uliza "naye anakuita nani?" Maneno ya ndugu hukaa mawili mawili kama mlango na fremu yake. Mukuru hukutana na murumuna, musaza na mushiki, marume na umwishywa, masenge na umwisengeneza. Ukipata jozi isiyofungana, kwa mfano mtu anamwita mwenzake mushiki naye anajibiwa murumuna, ujue mmoja wenu amechanganya aliyekuwa anasema. Vivyo hivyo ukijibiwa maelezo marefu, "umuhungu wa" fulani, yaani mtoto wa kiume wa fulani, hujapewa jina la undugu, umeelezewa tu. Uliza tena kwa mtu mwingine.

Na usithibitishe kwa swali la ndiyo au hapana. Ukimwuliza mzee "hii ni sahihi?", atakuitikia kwa ukarimu. Afadhali useme sentensi yenye kosa mbele ya mume wako, mkiwa wawili: wewe mwanamke umtaje mtu kwa "mushiki wanjye". Akicheka, umethibitisha.

Kwa shemeji na mawifi nakuachia kazi, kwa kuwa huko ndiko wewe mwenyewe umo ndani ya mchoro. Utaambiwa muramu. Usiliandike kuwa ni shemeji mpaka umeuliza pande zote: mwanamke akimtaja kaka wa mume, mwanamke akimtaja dada wa mume, kisha mwanamume kwa upande wa mke wake, kaka na dada. Weka punje yako mwenyewe mezani safari hii, na majibu ya upande wa wanawake yatoke kwa wifi yako.

Nimekueleza maneno ya kumtaja mtu. Kumwita usoni ni jambo jingine, na Desemba ndilo litakalokugusa kwanza. Data wacu ni neno la kumweleza mtu, na usidhani lazima umwamkie nalo. Kila nyumba ina mazoea yake, na watu wengi wazima huitwa kwa jina la mtoto wao, mama wa fulani, kama kwetu. Muulize mume wako kuhusu kila mtu utakayekutana naye: "nikimsalimia mlangoni nasemaje?" Liwe safu ya pili katika daftari. Wifi yako naye mwache akuchagulie. Atakavyokuita yeye ndivyo utakavyojua la kumrudishia.

Jina la baba mkwe lichukue kwa uangalifu. Rwanda ya zamani ilikuwa na desturi inayoitwa gutsinda: mke hakutamka jina la baba mkwe wala la mama mkwe, na hata maneno yaliyofanana na majina hayo aliyakwepa. Si nyumba zote zinazoishika leo. Hata hivyo, kwa kuwa njia niliyokupa inaanza na majina, mwache mume wako ayaandike yeye, nawe usiyasome kwa sauti mbele ya wazee mpaka ujue nyumba hiyo ina msimamo gani.

Na la mwisho ni zito zaidi ya yote. Kuuliza ukoo Rwanda kunaweza kuwa kuuliza habari za mwaka 1994. Katika familia nyingi, "mlizaliwa wangapi?" si swali la maneno. Kwa hiyo kazi ya mezani ifanye Dar es Salaam, wewe na mume wako peke yenu, na kabla hujapanga punje mwache akuambie ni nani wasioulizwa. Pale ambapo hataki kumweka mtu halisi, tumia mtoto wa kubuni kama lile haragwe la pili. Maneno yatatoka yaleyale. Ukifika Huye usitoe daftari sebuleni. Mtu akinyamaza katikati ya kuhesabu ndugu zake, acha hapohapo, zungumzia kitu kingine, wala usirudi.

Yale yatakayobaki hayajajibiwa mpelekee nyirasenge w'umugabo wawe, shangazi wa mume wako, kama yupo. Kwa desturi shangazi ndiye anayemfunda binti kabla ya kuolewa, kama kwetu, na kukuelekeza bibi-arusi mgeni hataliona jambo geni. Kaa naye jikoni, ana kwa ana. Kwa simu hutaona anamtazama nani anapotaja neno, na mara nyingi jicho lake ndilo litakalokuonyesha neno hilo ni la nani.